Nakala tatu za taa moja

Taa yetu ya mezani imenakiliwa na watu watatu tofauti. Wa kwanza alichukua umbo akaacha jina. Wa pili alichukua jina akalibandika kwenye taa isiyofanana na yetu hata kidogo. Wa tatu hakugusa jina wala umbo, alichukua bawaba inayoiwezesha shingo ya taa kusimama popote unapoiacha bila kukaza skrubu. Wawili wa kwanza tuliwasimamisha. Wa tatu anauza mpaka leo, na sheria iko upande wake.

Naeleza yote matatu kwa sababu nimekutana na wabunifu wengi wanaosema "nimesajili" kana kwamba usajili ni mmoja na unafunika kila kitu. Ukimwuliza amesajili nini, anakuonyesha cheti cha jina la kampuni. Cheti hicho kinamruhusu kuendesha shughuli kwa jina hilo, basi. Hakimzuii mtu mwingine kubandika jina hilohilo kwenye bidhaa. Jina linalobandikwa kwenye bidhaa hulindwa kama alama ya biashara. Sura ya bidhaa, yaani kile macho yanachokiona, hulindwa kama muundo. Namna bidhaa inavyofanya kazi ni suala la hataza. Ni milango mitatu tofauti, kila mmoja na fomu yake, ada yake na muda wake, na ukishindwa katika mmoja hauwezi kuingia kwa kupitia mwingine.

Tulianza na jina, na hapo mimi na mwenzangu tulibishana sana. Yeye alitaka jina linaloeleza taa: kitu chenye neno nuru au mwanga ndani yake, ili mnunuzi aelewe papo hapo. Wakala wetu wa alama za biashara alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Jina linaloeleza bidhaa ni la kila anayeuza bidhaa hiyo. Msajili atalikataa, na hata akilipitisha, hutaweza kumzuia jirani yako kusema taa yake ina mwanga." Tukachagua Tausi. Tausi hana uhusiano wowote na taa, na ndiyo sababu jina lina nguvu likiwa kwenye taa. Lingekuwa dhaifu kwa anayeuza manyoya.

Kabla ya kuomba, tulilitafuta. Utafutaji wa maana hauishii kwenye tahajia ileile, kwa sababu msajili hupima pia matamshi, mwonekano na maana. Kwa hiyo tulitafuta Tauzi, Tawsi, Tausy, na picha za ndege mwenye mkia uliokunjuka. Hifadhidata ya Global Brand Database ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, iko wazi kwa yeyote bila malipo, vivyo hivyo TMview. Bidhaa na huduma zote hugawanywa katika madaraja 45 ya Mapatano ya Nice, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na taa ziko daraja la 11. Tausi mwingine aliyekuwapo kwenye daraja la vinywaji hakutuhusu. Tuliomba jina kwa herufi za kawaida, bila nembo. Ukisajili jina ndani ya nembo peke yake, ulinzi unafuata picha ile nzima, na mwigaji akibadilisha mwandiko na rangi ana pa kujitetea. Herufi za kawaida zinalinda neno lenyewe kwa mwandiko wowote. Nembo inaweza kuombwa baadaye kwa ombi lake.

Muundo ndio uliohitaji nidhamu kubwa zaidi, kwa sababu muundo lazima uwe mpya siku unapoombwa. Mpya maana yake ni kwamba hakuna aliyeutangaza hadharani kabla, na hapo wewe mwenyewe umo. Picha uliyoituma kwa wafuasi wako, meza yako kwenye maonyesho, mfano uliomtumia muuzaji bila mkataba wa siri, vyote vinaweza kuua upya wa muundo wako. Zipo nchi zinazompa mbunifu nafasi: Umoja wa Ulaya, Marekani na Japani zinamruhusu kuomba ndani ya miezi 12 tangu alipoutangaza mwenyewe. Lakini si kila nchi ina nafasi hiyo, na mahali pengine inabana sana, kwa hiyo anayetaka kuuza nje hawezi kuitegemea. Kanuni ya karakana yetu ilikuwa kwamba hakuna picha inayotoka mpaka ombi lipokewe na lipewe tarehe. Mpiga picha alisaini, mtengeneza kalibu alisaini, na mchoraji wetu, ambaye hakuwa mwajiriwa, alisaini hati ya kutuhamishia haki zote za michoro. Hati hiyo ya mwisho watu huisahau. Mahali pengi mchoraji wa kujitegemea hubaki mwenye haki mpaka aihamishe kwa maandishi, hata kama umeshamlipa.

Kisha michoro yenyewe. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kwenye muundo hakuna maneno yatakayokuokoa. Kile kilichoonekana kwenye michoro ndicho haki yako.

Kesi iliyotufundisha ni ya sanduku la safari la watoto liitwalo Trunki, lile ambalo mtoto hulipanda kama farasi. Kampuni yake, Magmatic, ilikuwa na muundo uliosajiliwa katika Umoja wa Ulaya tangu 2003. Kampuni ya PMS ilipoleta sanduku lake la Kiddee Case, lenye wazo lilelile, Magmatic ilishinda katika Mahakama Kuu ya Uingereza, ikashindwa katika Mahakama ya Rufani, na mwezi Machi 2016 Mahakama ya Juu Kabisa ikathibitisha kwamba imeshindwa. Shida ilikuwa michoro. Zilikuwa picha za kompyuta zenye vivuli vya kijivu, na magurudumu na mkanda vilionekana vyeusi zaidi kuliko mwili wa sanduku. Mahakama ilisema picha za namna hiyo zinaonyesha zaidi ya umbo: zinaonyesha pia utofauti wa rangi kati ya sehemu na sehemu, na mwili mtupu usio na mapambo. Kiddee Case lilikuwa na michoro ya wanyama mwilini na mpangilio tofauti wa rangi, na mwonekano wake wa jumla ukahesabiwa kuwa mwingine. Majaji walikiri kwamba wazo la Trunki ni la busara, lakini wakasema sheria ya miundo inalinda miundo, hailindi mawazo. Kama ombi lile lingekuwa la mistari mitupu inayoonyesha umbo peke yake, hoja ya rangi ingepoteza msingi wake.

Sisi tulichora kwa mistari. Hakuna kivuli, hakuna rangi, hakuna nembo kwenye mchoro. Tulionyesha taa kutoka mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini na kwa pembe. Waya na swichi tulizichora kwa nukta. Kwa wasajili wengi mistari ya nukta ina maana kwamba sehemu hiyo ipo kwenye bidhaa lakini haudai chochote juu yake, kwa hiyo mwigaji hawezi kujitetea kwamba swichi yake iko mahali pengine. Kisha tukafanya kitu kimoja cha ziada ambacho nakisisitiza kwa yeyote anayeniuliza: tuliomba kofia ya taa peke yake kama muundo wa pili. Kofia ile ina mikunjo inayopanda ikizunguka kama ganda la konokono, na ndiyo inayowafanya watu wasimame. Mtu angeweza kuichukua kofia na kuiweka kwenye shingo na kitako vingine kabisa, na muundo wa taa nzima usimguse. Miundo yote miwili iko daraja la 26 la Mapatano ya Locarno, yanayogawa miundo kama yale ya Nice yanavyogawa bidhaa, na mahali tulipoomba miundo ya daraja moja inaruhusiwa kwenye ombi moja, kwa hiyo wa pili haukuongeza gharama kubwa.

Nakala ya kwanza ilifika wakati taa ikiwa tayari inauzwa vizuri. Mteja alituletea picha akidhani tumetoa toleo la bei nafuu. Kofia ilikuwa yetu, shingo ilikuwa yetu, kitako kilikuwa cha mraba badala ya duara, na jina lilikuwa jingine. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kununua, wala hatukumpigia simu. Tuliagiza taa mbili kama wateja wa kawaida, tukahifadhi risiti, sanduku na karatasi ya maelezo, na tukachapisha kurasa za tangazo zikionyesha tarehe na jina la muuzaji. Ukianza kwa kulalamika, tangazo hutoweka usiku huohuo na unabaki na maneno tu. Taa moja hatukuifungua kabisa. Ilibaki kwenye sanduku lake kama kielelezo.

Wakala alitukalisha na michoro yetu mezani, siyo taa yetu. Alirudia mara kadhaa kwamba hatulinganishi bidhaa na bidhaa, tunalinganisha bidhaa yake na michoro iliyosajiliwa. Kila taa ya mezani ina kofia, shingo na kitako, kwa hiyo kuwa navyo si kosa. Swali ni kama mtumiaji anayezifahamu taa, akiziangalia mbili hizi, anapata taswira ya jumla ileile. Na hapo huangaliwa pia uhuru wa mbunifu: pale ambapo kazi ya kitu inalazimisha umbo fulani, tofauti ndogo zinatosha kumwokoa mwigaji. Kofia ya taa inaweza kuwa na maelfu ya maumbo. Aliyechagua mikunjo inayozunguka kwa pembe ileile, ikianzia na kuishia mahali palepale, hana la kusema. Kwa taa nzima, kitako cha mraba kilileta mjadala. Kwa kofia peke yake hapakuwa na mjadala, na barua yetu ya madai ilisimama juu ya muundo wa pili.

Jibu la mwigaji halikukana kunakili. Alishambulia cheti. Wasajili wengi wa miundo, wakiwemo wa Umoja wa Ulaya, hawachunguzi upya wa muundo kabla ya kutoa cheti. Wanaangalia fomu na michoro, wanasajili, na ukweli unapimwa siku mtu anapopinga. Kwa hiyo mshtakiwa mwenye wakili mzuri huanza kwa kutafuta picha yoyote ya bidhaa yako iliyotangulia tarehe ya ombi. Alileta picha kutoka maonyesho tuliyoshiriki. Ilikuwa halisi, na taa ilionekana wazi. Lakini ombi letu lilipokewa kabla maonyesho hayajafunguliwa, na stakabadhi ya msajili ilikuwa na tarehe. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mafupi: aliacha kuuza, akasaini ahadi ya maandishi, na kalibu ya kofia ikaharibiwa mbele ya shahidi. Kalibu ni muhimu kuliko mzigo uliobaki ghalani. Mzigo huisha, lakini kalibu hutengeneza mwingine kesho.

Nakala ya pili ilikuwa ya jina, na iliuma zaidi kwa sababu aliyehusika tulikuwa tunamjua. Alikuwa msambazaji wetu katika nchi nyingine. Haki hizi zina mipaka ya nchi. Alama uliyosajili kwenu haina nguvu ng'ambo, na katika nchi nyingi anayeomba kwanza ndiye anayepewa, hata kama wewe ndiye uliyeanza kulitumia jina. Msambazaji aliomba jina Tausi kwa jina lake mwenyewe, daraja la 11, kisha akaanza kulibandika kwenye taa za plastiki alizoagiza mahali pengine. Sisi tuligundua wakati ombi lake lilipotangazwa kwenye gazeti la msajili wa kule, kwa kuwa wakala alikuwa akifuatilia matangazo hayo. Baada ya tangazo huwa kuna dirisha la pingamizi, miezi miwili au mitatu mahali pengi, na likishafungwa kazi ya kumwondoa huwa ndefu na ya gharama kubwa zaidi.

Kilichotuokoa kwanza ni Mkataba wa Paris wa 1883. Ukiomba alama au muundo katika nchi mwanachama moja, una miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama ukadai kipaumbele, na ombi lako la huko linahesabiwa kama limewekwa siku ile ya ombi la kwanza. Kwa hataza muda huo ni miezi 12. Msambazaji alikuwa ameomba kule kabla yetu kwa kalenda. Sisi tuliomba baada yake, lakini miezi 6 ilikuwa haijaisha tangu ombi letu la nyumbani, na tulidai kipaumbele kwa nakala iliyothibitishwa na msajili wetu. Tarehe yetu ikahesabiwa kuwa kabla ya yake. Pamoja na hilo tuliweka hoja ya pili, kifungu cha 6septies cha mkataba huohuo, ambacho kinampa mwenye alama haki ya kupinga wakala au mwakilishi wake anapoisajili kwa jina lake bila idhini. Ili kukitumia unahitaji kuthibitisha kwamba uhusiano huo ulikuwapo. Tulikuwa na mkataba wa usambazaji uliosema jina ni letu na kwamba hana ruhusa ya kuliomba popote. Barua pepe za maagizo zingesaidia, lakini sentensi hiyo moja kwenye mkataba ilifunga mlango.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji wengi hawalisikii mpaka wanaumia. Taa za plastiki alizouza hazikufanana na zetu. Kama tungekuwa na muundo peke yake, angetuacha tukitazama. Na yule wa kwanza, aliyebadilisha jina, asingeguswa na alama ya biashara. Kila mmoja alinaswa na karatasi ambayo isingemnasa mwenzake.

Anayetaka nchi nyingi si lazima aajiri wakala kila mahali tangu mwanzo. Mfumo wa Madrid kwa alama na mfumo wa Hague kwa miundo, vyote chini ya WIPO, vinakuruhusu kuomba nchi nyingi wanachama kwa ombi moja. Ila kwa Madrid ujue kwamba usajili wa kimataifa unategemea ule wa nyumbani kwa miaka 5 ya kwanza. Ule wa nyumbani ukivunjwa katika kipindi hicho, wa nje nao unaanguka pamoja nao, ingawa unaweza kubadilishwa kuwa maombi ya nchi moja moja kwa gharama mpya. Kwa hiyo tulihakikisha jina limetulia nyumbani kwanza. Na jina lazima litumike: likilala bila kutumika kwa miaka 3 au 5 mfululizo, kutegemea nchi, yeyote anaweza kuomba lifutwe. Ndiyo maana tunahifadhi ankara, vifungashio na matangazo ya kila mwaka kwa kila nchi tuliyosajili. Hatukusajili katika nchi ambazo hatuna nia ya kuuza wala kutengeneza.

Sasa yule wa tatu. Taa yake ni nyembamba, ya chuma kitupu, kofia yake ni bomba lililonyooka. Mwenzangu aliigusa shingo, ikasimama hewani, akajua mara moja. Tuliifungua mezani na kukuta chemchemi na kipande cha msuguano vimepangwa kama tulivyovipanga sisi, hadi idadi ya meno ya washa.

Mwenzangu alitaka barua iende siku hiyohiyo. Lakini bawaba haikuwa ndani ya muundo wetu uliosajiliwa, wala isingeweza kuwamo: umbo linaloamuliwa na kazi ya kifaa peke yake halilindwi kama muundo. Mahali pake ni hataza, nasi tulikuwa tumeshauliza habari za hataza kabla ya taa kutoka. Jibu la uchunguzi halikuwa la kufurahisha. Taa inayosimama popote kwa nguvu ya chemchemi ilivumbuliwa na mhandisi Mwingereza George Carwardine mwanzoni mwa miaka ya 1930, na tangu hapo yamewekwa maboresho mengi juu yake. Hataza hudumu miaka 20, kisha uvumbuzi ni wa kila mtu. Tulichoongeza sisi, kipande cha msuguano, mtaalamu aliyetufanyia utafutaji alikiona kuwa hatua ambayo fundi yeyote mzoefu angeifikia. Kitu kama hicho hakipati hataza kwa kuwa hakina hatua ya kivumbuzi.

Ilimchukua mwenzangu muda kulikubali hilo, nami namwelewa, kwa sababu aliikata bawaba ya kwanza kwa mikono yake. Lakini sisi nasi tuliichukua chemchemi ya Carwardine bila kumlipa mtu, na tulikuwa na haki ya kufanya hivyo. Barua ya vitisho ingekuwa na hatari yake pia. Katika nchi kadhaa, Uingereza na Australia zikiwemo, anayetishia kumshtaki mtu kwa kuvunja muundo au hataza bila msingi anaweza kushtakiwa yeye na kudaiwa fidia. Hatukuandika. Ada ambayo ingekwenda kwa mawakili tumeiweka kwenye kuongeza muda wa miundo yetu miwili kwa miaka 5 mingine. Umoja wa Ulaya unaruhusu nyongeza kama hizo mpaka miaka 25, na kofia ya mikunjo bado inauzwa kuliko kitu kingine chochote tunachotengeneza.